Baruapepe isiyo na kiungo

Mteja wa duka dogo la vitenge la mtandaoni anaamka na kukuta baruapepe: nywila yake imefutwa kwa sababu orodha ya wateja imevuja. Je, ni duka kweli au ni tapeli?

Baruapepe iliyoandikwa vizuri humsaidia kujibu. Inataja kilichochukuliwa na ambacho hakikuguswa, kisha inamwambia aandike mwenyewe anwani ya duka kwenye kivinjari na kubonyeza “Nimesahau nywila”. Haina kiungo cha kubofya, wala haiulizi namba ya siri ya M-Pesa. Matapeli nao husikia habari za uvujaji, na wao mara nyingi huja na haraka: bonyeza sasa, akaunti inafungwa leo!

Ila kubadilisha nywila ya duka peke yake hakutoshi. Mwizi huichukua ile ya zamani akaijaribu kwingine, hasa kwenye baruapepe, maana huko ndiko viungo vya kubadilishia nywila nyingine hutumwa. Nywila za LinkedIn zilizoibwa mwaka 2012 zilikuja kunadiwa kwa mamilioni mwaka 2016, miaka minne baadaye. Aliyetumia nywila moja kila mahali aanze na baruapepe, aiwekee uthibitisho wa hatua mbili, ndipo arudi kwenye vitenge vyake.