Dadu 120 Badala ya Atomi

Ripoti niliyokuwa nasahihisha ilianza hivi: "Lengo: kupima nusu-maisha ya elementi nururifu." Nilipofika kwenye orodha ya vifaa nikakuta vipande 120 vya mbao, rangi nyekundu na karai. Mwanafunzi hakukusudia kudanganya. Aliandika tu kana kwamba mbao zile zilikuwa zikitoa mionzi.

Jaribio lenyewe ni zuri. Shule nyingi hazina chanzo cha mionzi, na hicho si kitu cha kuagiza dukani. Tanzania vyanzo hivyo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Basi seremala anakata vipande vyenye pande sita sawa, mfano wa dadu, na upande mmoja unapakwa rangi. Unavimwaga vyote mezani. Kila kilicholala rangi ikiwa juu kimeoza: kiondoe, hesabu vilivyobaki, mwaga tena. Nusu-maisha ni muda ambao nusu ya viini huisha. Kwa iodini-131 ni kama siku 8. Hapa inahesabiwa kwa idadi ya mitupo.

Mwandishi wa ripoti anapaswa kusema mapema, kabla ya majedwali, nini kimesimama mahali pa nini. Dadu imechukua nafasi ya kiini cha atomi. Mtupo umechukua nafasi ya muda. Jambo la tatu ndilo husahaulika: macho yetu yamechukua nafasi ya kihesabu-mionzi. Kifaa hicho hakioni viini vilivyobaki. Kinasikia sehemu tu ya vile vinavyooza, tena pamoja na mionzi ya kawaida iliyomo ardhini na hewani, ambayo lazima ipimwe peke yake na kutolewa. Mezani kwetu hakuna hata moja kati ya hayo, kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote katika jaribio halisi imeachwa nje kimyakimya.

Sasa tutazame namba za mwanafunzi yule. Alianza na 120, zikabaki 97, kisha 84, 66 na 59. Nusu, yaani 60, iko katikati ya mtupo wa tatu na wa nne, karibu kabisa na wa nne. Akaandika nusu-maisha ni mitupo 3.9. Kwa hesabu, dadu ya pande sita inatakiwa kutoa 3.8, kwa hiyo alipata vizuri. Lakini 3.8 hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa seremala. Angekata vipande vyenye pande nane, ingekuwa namba nyingine. Ripoti haiwezi kudai kwamba imegundua nusu-maisha ya kitu chochote cha asili. Kilichopimwa ni hiki: vitu vingi, kila kimoja kikiwa na nafasi ileile ya kutoka bila kujali kimekaa mezani muda gani, hupungua kwa uwiano usiobadilika. Kwamba atomi nazo hufanya hivyo ni jambo alilolionesha Rutherford mwaka 1900, kwa gesi itokayo kwenye thoriamu, ambayo nguvu yake ilishuka kwa nusu kila baada ya kama dakika moja. Vipande vya mbao haviwezi kulithibitisha.

Wenzake walipiga hesabu kwa njia ya kitabu, 0.693 kugawa kwa 1/6, wakapata 4.2, wakadhani wamekosea kuhesabu dadu. Hawakukosea. Kanuni ile ni ya atomi, ambazo huoza wakati wowote. Dadu husubiri mkono. Tofauti ya 3.8 na 4.2 imeletwa na uigaji wenyewe, nayo inastahili aya yake.

Kuna pia uchache. Mtupo wa kwanza wa dadu 120 unatarajiwa kuondoa 20, lakini kupata 16 au 24 ni kawaida kabisa. Mwishoni, zikibaki tatu, kuna uwezekano unaozidi nusu kwamba mtupo mzima utapita bila hata moja kutoka. Grafu inaonekana kama imekwama, na nimesoma ripoti zilizoeleza kwamba "viini vya mwisho ni imara zaidi". Hapana, ni vichache tu. Punje ndogo ya iodini ina viini vingi mno kiasi kwamba mabadiliko hayo hayaonekani.

Kasoro ya mbao yenyewe hupimika. Mwaga vyote 120 mara kumi bila kuondoa chochote: rangi itokee juu takriban mara 200. Ukipata 190 au 212, endelea. Ukipata 250, msumeno ulienda upande, na namba hiyo iandikwe kwenye ripoti kabla ya kumrudishia seremala vipande vyake.