Vidakuzi Vifutike, Barua Pepe Ibaki Wazi

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kompyuta yako ili ikutambue ukirudi. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alikibuni mwaka 1994, na hadi leo ndicho kinachokuwezesha kufungua barua pepe bila kuandika nywila kila mara. Lakini watangazaji nao hutumia vidakuzi kukufuatilia kutoka tovuti hadi tovuti. Wanaoamua kuvifuta vyote kwa mkono hujikuta wametolewa kila mahali, na wengi huchoka wakaacha.

Kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta kina suluhisho zuri. Fungua menyu ya mistari mitatu, ingia Settings, kisha Privacy & Security, ushuke hadi Cookies and Site Data. Weka alama kwenye Delete cookies and site data when Firefox is closed. Kuanzia hapo, kila ukifunga Firefox, vidakuzi na data za tovuti hufutika.

Sasa uteue zinazobaki. Bonyeza Manage Exceptions, andika anwani ya tovuti, bonyeza Allow, halafu Save Changes. Usichague Allow for Session, kwa maana hiyo huishia pale kivinjari kinapofungwa.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme unataka Gmail ibaki wazi. Ukiandika mail.google.com peke yake, huenda ukatolewa, kwa sababu utambulisho wako umewekwa chini ya jina kuu la Google, si chini ya Gmail tu. Andika hivi:

```
https://google.com
```

Anwani hiyo hubeba pia matawi yake, kama accounts.google.com. YouTube ina jina lake, kwa hiyo iongeze kando ukiihitaji. Ujue pia gharama yake: Google itaendelea kukutambua unapotafuta kitu mtandaoni. Kwa hiyo orodha iwe fupi. Tovuti unayoitembelea mara moja kwa mwezi haistahili kuwemo.

Ili kuhakikisha, funga Firefox kabisa, uifungue tena, kisha bonyeza Manage Data mahali palepale. Usione ajabu ukikuta tovuti ulizozifungua punde, au zilizojifungua zenyewe kivinjari kilipowaka. Zile za jana ambazo hukuziteua zisiwepo.

Kama hata tovuti ulizoziteua zinakutoa, kagua sehemu ya History. Ikiwa umeamuru historia ifutwe wakati wa kufunga na umetia alama kwenye Site settings, basi orodha yenyewe ya uteuzi hufutwa pamoja na mengine. Ondoa alama hiyo, kisha uiandike orodha upya.

Nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari haziguswi na mpangilio huu. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya duka la intaneti, usiteue tovuti yoyote: anayekuja baada yako ataifungua akiwa ndani ya akaunti yako.