Shikamoo na Marahaba katika Tafsiri ya Kihindi

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayehamisha mazungumzo ya Kiswahili katika Kihindi hukutana na tatizo mapema, kwa kawaida pale wahusika wanapoamkiana. Jambo linalomjia kwanza ni kuandika "namaste" mahali pa shikamoo, na "namaste" nyingine mahali pa marahaba. Makala haya yanaonyesha kwamba ulinganisho huo si sahihi, na kwamba heshima ambayo Kiswahili huiweka katika maamkizi, Kihindi huieneza katika mazungumzo yote.

2.0 Jozi isiyo na ulinganifu

Shikamoo hutolewa na mdogo, nayo marahaba hutolewa na mkubwa. Hakuna anayeweza kujibu shikamoo kwa shikamoo bila kuleta kichekesho. "Namaste", kwa upande wake, hujibiwa kwa "namaste". Ni salamu ya adabu, lakini peke yake haionyeshi nani mkubwa na nani mdogo.

Jozi iliyo karibu zaidi ni "pranam" ya mdogo na "jite raho" ya mkubwa. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, shikamoo imetokana na kauli yenye maana ya "nashika miguu yako". Katika familia nyingi za Kihindu, mdogo anayesema "pranam" huinama akagusa miguu ya mkubwa wake. Hivyo, tendo ambalo katika Kiswahili limebaki ndani ya asili ya neno tu, huko bado hutendwa kwa mkono. Hata hivyo, desturi hiyo ina mipaka: katika baadhi ya jamii za kaskazini mwa India, binti hagusi miguu ya wazazi wake. Mfasiri asiongeze tendo hilo bila kufikiri.

Majibu nayo hayalingani kabisa. Marahaba hupokea heshima iliyotolewa, ambapo "jite raho" ni dua, yaani "uendelee kuishi". Aidha, dua hiyo hubadilika kwa jinsia: msichana huambiwa "jiti raho".

3.0 Heshima baada ya maamkizi

Maamkizi yakishakwisha, sarufi ya Kiswahili haitofautishi tena mkubwa na mdogo. Kiambishi cha nafsi ya pili umoja, u-, hutumika kwa wote wawili. Kihindi kina viwakilishi vitatu vya nafsi hiyo: "tu" kwa wa ndani sana au kwa dharau, "tum" kwa wa rika au mdogo, na "aap" kwa anayeheshimiwa. "Aap" hutwaa kitenzi cha wingi, hata anayesemeshwa akiwa mmoja.

Chukua mazungumzo haya ya kijana wa kiume na dada wa baba yake:

Kijana: Shikamoo, shangazi.
Shangazi: Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?
Kijana: Natoka sokoni. Hujambo lakini?

Katika Kihindi yatakuwa hivi:

Kijana: Pranam, buaji.
Shangazi: Jite raho, beta. Kahaan se aa rahe ho?
Kijana: Baazaar se. Aap kaisi hain?

Kiambishi u- cha shangazi kimegeuka kuwa "ho", umbo la "tum", kwa kuwa anasema na mtoto wake. Lakini kijana anapomuuliza shangazi hali, hana budi kutumia "aap" na kitenzi cha wingi "hain". Hata jina la ujamaa, "bua", limeongezewa "-ji" ya heshima. Kijana akisema "tum kaisi ho", "pranam" yake ya mwanzo haitamwokoa.

Anayetafsiri kutoka Kihindi kwenda Kiswahili naye huweza kukosea kinyume chake, akaandika "Hamjambo?" kwa sababu ameona wingi. Dalili ya kosa hilo ni kwamba msomaji ataanza kumtafuta mtu wa pili ambaye hayumo chumbani.

4.0 Shikamoo inaponyimwa

Ugumu mkubwa zaidi huja pale heshima inapokosekana makusudi. Tuseme kijana aliyegombana na shangazi yake anaingia na kusema "Habari za asubuhi?" tu. Kwa msomaji wa Kiswahili, ugomvi umekwisha tangazwa. Mfasiri akimpa kijana "tum", tusi litakuwa zito kuliko lilivyo katika matini ya asili, kwani kijana hakutukana, amenyima tu. Suluhisho lifaalo ni kubakiza "aap", kuiondoa "pranam", na kuweka "namaste" kavu isiyo na "buaji". Hapo shangazi wa Kihindi, kama mwenzake wa Kiswahili, atabaki akisubiri neno ambalo halikuja.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba neno moja la Kiswahili hudai maamuzi kadhaa katika Kihindi: salamu, jibu, kiwakilishi, kitenzi na jina la ujamaa. Kwa hiyo mfasiri anapaswa kwanza kubaini nani mkubwa kwa nani katika kila jozi ya wahusika, ndipo aanze sentensi ya kwanza.