Salio Moja Likihesabiwa Mara Tatu

Kwenye skrini ya dashibodi ya tawi la benki kuna namba mbili. Ya kwanza inasema wateja wanawake wana amana za shilingi milioni 10.7. Ya pili, iliyotoka kwenye leja kuu, inasema amana zote za tawi, za wanawake kwa wanaume, ni shilingi milioni 10.4. Sehemu imekuwa kubwa kuliko kitu kizima. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kuandika salio, na kompyuta imejumlisha sawasawa. Kosa limo katika namna majedwali ya data yalivyounganishwa.

Namba hizi ni za mfano, lakini kosa lenyewe ni la kila siku kwa wanaotengeneza dashibodi. Hutokea popote ambapo kitu kimoja kina wenyewe wengi, na mwenyewe mmoja naye ana vitu vingi: miradi na wafadhili wake, wagonjwa na magonjwa yao, vitabu na waandishi wake. Wataalamu huuita uhusiano wa wengi kwa wengi. Ralph Kimball, mmoja wa waliojenga fani ya maghala ya data, aliueleza kwa akaunti za benki zenye wamiliki zaidi ya mmoja, na mfano huo bado ni mzuri kwa sababu pesa zikizidi, mtu anashtuka.

Tufanye tawi letu lina akaunti 4 tu, ili kila shilingi ionekane. A101 ni ya Asha peke yake, ina milioni 2. A102 ni ya Juma na mkewe Neema, ina milioni 6. A103 ni ya Baraka, ina milioni 1.5. A104 ni ya Asha, Neema na Rehema, wanaouza vitenge kwa ubia, na ina shilingi 900,000. Jumla ni milioni 10.4.

Mfumo wa benki huweka habari hizi katika majedwali matatu. Jedwali la akaunti lina mistari 4, kila mmoja na salio lake. Jedwali la wamiliki lina majina, jinsia na makazi ya watu 5. Katikati yao kuna jedwali la tatu, ambalo wenye kazi hiyo huliita daraja: halina pesa wala majina, lina jozi tu za akaunti na mmiliki wake. A101 ina mstari mmoja humo, A102 ina miwili, A103 mmoja, A104 mitatu. Mistari yote ni 7.

Mpaka hapo kila kitu kimekaa mahali pake. Shida huanza meneja anapotaka kuona amana kwa jinsia. Salio liko kwenye jedwali la akaunti, jinsia iko kwenye jedwali la wamiliki, na njia pekee ya kutoka moja kwenda lingine hupita darajani. Mchambuzi huyaunganisha majedwali kisha akajumlisha:

```
SELECT w.jinsia, SUM(a.salio)
FROM akaunti a
JOIN daraja d ON d.akaunti_id = a.akaunti_id
JOIN wamiliki w ON w.mmiliki_id = d.mmiliki_id
GROUP BY w.jinsia;
```

Kompyuta haijumlishi kabla ya kuunganisha. Kwanza inatandaza mistari yote 7, na katika kila mstari inanakili salio la akaunti husika. Milioni 6 za A102 zinaandikwa mara mbili, mara moja mbele ya Juma na mara nyingine mbele ya Neema. Zile 900,000 za wauza vitenge zinaandikwa mara tatu. Ndipo SUM inapita juu ya nakala hizo bila kujua kwamba ni nakala. Wanaume wanapata milioni 7.5. Wanawake wanapata milioni 10.7, kwa sababu salio la A104 limehesabiwa kwa Asha, kwa Neema, na kwa Rehema. Ukiondoa kichujio cha jinsia ukaangalia jumla kuu, unakuta milioni 18.2.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linaweza kujificha hata kwa mtu makini. Chukua wastani wa salio kwa akaunti. Wastani wa kweli ni milioni 10.4 kugawa kwa 4, yaani milioni 2.6. Wastani wa lile jedwali lililovimba ni milioni 18.2 kugawa kwa 7, na jibu lake pia ni milioni 2.6. Katika mfano huu namba hizo zimelingana kwa nasibu tu, lakini zinaonyesha kwa nini mtu hawezi kutazama wastani, akauona uko sawa, kisha akaiamini jumla iliyo kando yake. Na kwenye tawi lenye maelfu ya akaunti, ambako za pamoja ni chache, jumla haivimbi kiasi cha kumshtua mtu. Inazidi kidogo, na kidogo hicho huonekana kama habari njema ya ukuaji wa amana.

Kipimo cha kuaminika ni kuhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Ilikuwa 4, imekuwa 7: basi salio lolote utakalojumlisha kutoka hapo si la kuaminika tena. Kisha linganisha jumla isiyo na kichujio chochote na leja kuu, hadi shilingi ya mwisho. Wengi hulinganisha siku dashibodi inapozinduliwa tu. Ulinganisho huo unapaswa kurudiwa kila data mpya inapoingia, maana akaunti iliyokuwa ya mtu mmoja mwezi uliopita inaweza kuongezewa mmiliki wa pili leo, na jumla ikavimba bila mtu kugusa dashibodi.

Kuna dawa moja ya haraka ambayo ni hatari kuliko ugonjwa. Mtu huona nakala, akaandika SUM(DISTINCT a.salio), na jumla inarudi milioni 10.4. Anafurahi. Lakini amri hiyo haitofautishi akaunti, inatofautisha kiasi. Siku mteja mwingine atakapofungua akaunti na kuweka milioni 2 kamili, kama alizonazo Asha, kompyuta itaona milioni 2 na milioni 2 ni namba ileile, na itahesabu moja tu. Jumla iliyokuwa inazidi sasa inapungua, na hakuna nakala ya kukuonyesha kilichopotea.

Njia iliyo salama ni kutoyaacha majedwali ya wamiliki yafike kwenye salio. Unabaki na akaunti, na kwa kila moja unauliza tu kama ina angalau mmiliki mmoja mwanamke:

```
SELECT SUM(a.salio)
FROM akaunti a
WHERE EXISTS (
  SELECT 1
  FROM daraja d
  JOIN wamiliki w ON w.mmiliki_id = d.mmiliki_id
  WHERE d.akaunti_id = a.akaunti_id
    AND w.jinsia = 'KE');
```

Sasa hakuna kinachonakiliwa. Akaunti ama imo, ama haimo. A101, A102 na A104 zimo, na jumla yake ni milioni 8.9.

Wanaotumia Power BI hukutana na sura nyingine ya tatizo hilihili. Humo majedwali hayatandazwi. Yanaachwa yalivyo na kuunganishwa kwa mistari ya uhusiano, na kichujio husafiri kutoka jedwali hadi jedwali kwa kufuata mwelekeo wa mistari hiyo. Kwa kawaida kichujio hutoka upande wa moja kwenda upande wa wengi. Kwa hiyo ukichagua wanawake, kichujio kinatoka kwa wamiliki na kufika darajani, lakini kutoka darajani hakipandi kwenda kwenye akaunti. Matokeo yake ni ripoti ya ajabu: mstari wa wanawake unaonyesha milioni 10.4, wa wanaume milioni 10.4, na jumla milioni 10.4. Ukiona namba ileile imejirudia kwenye kila mstari, usihangaike na data. Kichujio hakijafika mahali penye pesa.

Hapo unaweza kubadilisha mwelekeo wa uhusiano kuwa Both, au, jambo ninalolipendelea, ukaruhusu upitaji huo ndani ya hesabu moja tu inayouhitaji:

```
Jumla ya Salio =
CALCULATE(
    SUM(Akaunti[Salio]),
    CROSSFILTER(Daraja[AkauntiID], Akaunti[AkauntiID], BOTH)
)
```

Mwelekeo wa Both ukiwashwa kwenye modeli nzima yenye majedwali mengi, vichujio huweza kupata njia zaidi ya moja za kufika mahali pamoja, na baada ya miezi kadhaa ni vigumu kujua kwa nini namba fulani imebadilika.

Baada ya marekebisho hayo, wanawake wanaonyesha milioni 8.9, wanaume milioni 7.5, na jumla kuu milioni 10.4. Hapa ndipo simu hupigwa kutoka makao makuu, kwamba dashibodi bado ni mbovu, kwa sababu 8.9 na 7.5 ni 16.4. Safari hii dashibodi haina kosa. Akaunti ya Juma na Neema ni ya mwanamume, na ni ya mwanamke pia, hivyo milioni 6 zake zimo katika mistari yote miwili kwa haki. Ziondoe mara moja kutoka 16.4 na utarudi kwenye 10.4. Jumla kuu haipatikani kwa kujumlisha mistari iliyo juu yake. Huhesabiwa upya, kila akaunti mara moja.

Meneja anaweza kusema anataka mistari inayojumlishika, na ombi hilo lina maana. Jibu lake ni kuongeza safu moja kwenye daraja, safu ya mgao, inayosema kila mmiliki ana sehemu gani ya akaunti. Juma nusu na Neema nusu. Wauza vitenge theluthi kila mmoja. Unazidisha salio kwa mgao kabla ya kujumlisha, na wanawake wanapata milioni 5.9, wanaume milioni 4.5, jumla 10.4. Angalia tu theluthi hizo zimehifadhiwaje. Aliyeandika 0.33 mara tatu amefikisha 0.99, na shilingi 9,000 za akina Asha zimeyeyuka kwenye ripoti.

Kwa hiyo swali la amana za wanawake lina majibu mawili ya kweli. Milioni 8.9 ni pesa zilizo katika akaunti ambazo mwanamke anamiliki, peke yake au na wenzake. Milioni 5.9 ni sehemu inayohesabiwa kuwa yao. Ile milioni 10.7 haijibu swali lolote. Maneno yaliyo juu ya namba kwenye dashibodi lazima yaseme ni jibu lipi kati ya hayo mawili, kwani kuandika "Amana za wanawake" peke yake hakutoshi.

Na mgao wenyewe unatoka wapi? Kama benki haikuwahi kuwauliza Juma na Neema wanagawanaje milioni 6 zao, ile nusu kwa nusu imewekwa na mchambuzi aliyekaa mbele ya kompyuta. Uamuzi wa namna hiyo ni wa wenye benki, na inafaa uandikwe kwenye ripoti, chini ya namba yenyewe.