Hotuba ya Kumpokea Aliyerudi Kutoka Ughaibuni

Hotuba ya kumpokea ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni hutolewa na mkubwa wa ukoo: ami, mjomba au shangazi. Haisomwi uwanja wa ndege. Mgeni aliyekesha safarini hulala kwanza, na watu hukusanyika kesho yake, mara nyingi baada ya alasiri, kabla ya chakula kupakuliwa.

Kazi yake ngumu ni kuziba pengo la miaka. Tuseme binti wa Likoni amefanya kazi za nyumbani Riyadh kwa mikataba mitatu ya miaka miwili miwili. Katika miaka hiyo sita bibi yake amefariki, kaka yake ameoa, na mtoto aliyemwacha mgongoni sasa yuko shule. Msiba ndio unaowakwaza wasemaji wengi. Kama binti alifichwa habari ili asivunjike moyo kazini, akaja kuisikia mbele ya watu, karamu hugeuka matanga papo hapo. Kwa hiyo wazee humweka faragha siku ya kwanza na kumwambia yote. Hotuba hutaja marehemu kwa kumwombea tu, si kwa kutoa habari.

Shangazi yake anaweza kusema hivi:

“Asalaam aleikum. Mwanangu, pole na safari, karibu kwenu. Tunamshukuru Mungu aliyekupeleka salama na kukurudisha salama. Bibi yako ametutangulia. Hakuacha kukuombea hata siku moja. Mke wa kaka yako ndiye huyu, mlijuana kwa simu tu. Na bati hili linalotukinga mvua ni jasho lako, sote twajua. Sasa pumzika, hapa huna zamu. Tuombe dua.”

Shukrani hapo imeegemea kitu kimoja kinachoonekana. Kiasi cha pesa hakitajwi, maana kukitaja huamsha hesabu vichwani mwa waliopata kidogo na waliokosa kabisa. Hali kadhalika mateso ya kazini. Chini ya utaratibu wa kafala, mfanyakazi wa Ghuba hufungamana na mwajiri mmoja, na wengine hunyang'anywa pasipoti au kunyimwa mshahara. Msemaji asiyejua yaliyompata binti hana ruhusa ya kuyauliza hadharani, wala kumpamba kwa sifa za utajiri ambao pengine hakuupata. Aliyerudi mikono mitupu hupokewa kwa maneno yale yale, ila pasipo bati la kutaja husifiwa simu alizopiga, maana nazo ni malezi.

Kosa baya kuliko yote ni kuitumia hotuba kumtangazia miradi: karo ya huyu, mahari ya yule, kisima cha mtaa. Mbele ya umati hawezi kukataa, na kukubali huko ni kulazimishwa. Maombi ya aina hiyo yangoje wiki kadhaa, na yapelekwe kwake mtu mmoja mmoja, faraghani.