Mwaka wa Kushusha Injini

Injini ya trekta ikianza kutoa moshi wa bluu na kumeza oili, fundi ataishusha abadilishe ringi, laina na beringi.

Tuseme trekta la kukodisha linabakiza shilingi milioni 6 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka wa 4 matengenezo hayo yanadai milioni 15. Wengi huigawa gharama hiyo kwa miaka yote 7, na kila mwaka unaonekana una faida. Fundi hapokei wastani!

Iandikwe nzima mwaka wa 4, ilinganishwe na miaka 3 iliyobaki: milioni 18, ambazo kwa riba ya asilimia 12 zina thamani ya milioni 14.4 siku hiyo. Hapo afadhali kuliuza lilivyo.