Kutoka Bukavu kwenda Ubelgiji: siku 90 za kwanza zinaanzia komini

Familia nyingi za Bukavu zina mtu Liège, Brisele ao Namur. Wakati viza D ya kujiunga na bwana ao bibi inatoka, watu wanafikiri kazi imeisha. Kumbe viza ni mlango tu. Haki ya kukaa inaandikwa komini, na ile mambo ingine yote inafuata nyuma yake.

Tuchukue mfano wa mama wa Kadutu, aliyezaliwa tarehe 14/05/1990, anayefika Liège siku ya Jumatatu. Sheria inamupa siku 8 za kazi kujionyesha komini, kwa hiyo asipite Jumatano ya juma la pili. Anabeba pasipoti, picha, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa, vile vilivyohakikishwa kwa ajili ya viza. Majina, pamoja na postnomu, yawe sawasawa kwenye karatasi zote. Herufi moja tu ikitofautiana, dosie inaweza kusimama.

Kisha polisi wa kartiye anapita nyumbani kuona kama anakaa pale kweli. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kama jina la mama halimo kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, polisi anaweza kuandika kwamba hakumupata, na komini haitamuandika. Jina libandikwe siku ileile ya kutoka komini. Wakati wa kungojea, komini inaweza kumupa aneksi 15, karatasi ya siku 45. Kama siku zinakaribia kuisha na polisi hajapita, arudi komini kuuliza.

Akiandikwa, anapata nimero ya taifa ya tarakimu 11. Ya mama huyu itaanza na 90.05.14: mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aikague palepale, sababu tarehe mbaya itamufuata kila mahali. Hakuna nimero ingine ya kodi ya kuomba: ofisi ya kodi inatumia hiyohiyo.

Nimero ikiwa mkononi, aende mitiweli, chama cha bima ya afya. Kama bwana yake tayari ni memba na wanakaa adresi moja, anaweza kuandikwa chini yake, ikiwa hana mapato makubwa. Siku akianza kazi, anajiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Asiyetaka kulipa mchango wa chama anaweza kwenda CAAMI, kasha la serikali.

Benki zingine zinakataa mpaka karte A ya plastiki itoke. Lakini sheria inampa kila mkaaji halali haki ya konti ya msingi. Aombe kwa maandishi, na benki ikikataa, iandike sababu.

Karte A ya kujiunga na familia kwa kawaida ni ya mwaka moja. Maombi ya kuirudilia yanafanywa kati ya siku ya 45 na ya 30 mbele haijaisha. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda mapema.